Sanduku namba 075A: jinsi ya kuyasaka maisha ya Mario ndani ya RAM

(Hotuba niliyoitoa kwa vijana wanaojifunza kuandika programu. Skrini ilikuwa nyuma yangu muda wote, kwa hiyo sehemu nilizokuwa nikionyesha kwa kidole nimezieleza kwa maneno.)

Ndugu zangu, habari za jioni. Wakubwa mliopo, shikamooni.

Nimeombwa nionyeshe namna mtu anavyotengeneza chiti yake mwenyewe kwenye gemu ya zamani, bila kunakili msimbo wa mtu mwingine. Tutatumia gemu moja tu, Super Mario Bros. ya mwaka 1985, iliyotengenezwa kwa mashine ya Nintendo inayoitwa NES, au Famicom kwa toleo la Japani. Najua wengi wenu hamkuwahi kuiona NES yenyewe. Mlimjua Mario kwenye zile mashine za kuiga, zenye katriji iliyoahidi maelfu ya gemu na ndani yake zilikuwa ishirini zinazojirudia. Haidhuru. Programu ni ile ile.

Emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya NES, nitakayotumia ni FCEUX kwenye kompyuta ya kawaida. Ndani yake kuna dirisha linaloitwa `RAM Search`. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Kwanza mjue tunasaka wapi. NES ina RAM ya ndani ya baiti 2048. Ndiyo, elfu mbili na arobaini na nane, basi. Picha moja ya simu yako haiingii humo hata kipande. Fikirieni ukuta wa masanduku ya posta: masanduku 2048, kila moja lina namba yake mlangoni, na ndani ya kila moja kuna karatasi moja tu yenye namba kati ya 0 na 255. Namba za milangoni zinaandikwa kwa heksadesimali, kuanzia `0000` hadi `07FF`. Mario yuko wapi, adui wangapi wako kwenye skrini, sarafu ngapi zimeokotwa, muda uliobaki, vyote viko kwenye masanduku hayo. Na mahali fulani humo kuna sanduku linalosema Mario amebakiwa na maisha mangapi. Mlangoni hakuna jina. Kazi yetu ni kulitambua kwa tabia yake.

Sasa niwaeleze kosa ambalo karibu kila mtu analianza nalo, mimi nikiwemo. Unawasha gemu, skrini nyeusi inakuja, inaandika `WORLD 1-1`, na chini yake Mario ana 3. Unafungua `RAM Search`, unachagua `Specific Value`, unaandika 3, unabonyeza `Search`. Orodha inapungua, unafurahi. Unakufa mara moja, skrini inasema 2, unatafuta 2. Orodha inakwisha. Hakuna sanduku hata moja lililobaki ambalo ukilibadilisha kitu kinatokea. Mimi nilirudia hivyo jioni nzima nikiamini emuleta ni mbovu.

Emuleta haikuwa na kosa. Gemu hii haihifadhi 3. Inahifadhi 2. Ndani ya sanduku kuna idadi ya maisha ya akiba, yaani yale yatakayobaki baada ya hili unalolitumia sasa, na inapofika wakati wa kuandika kwenye skrini, programu inaongeza moja. Kwa hiyo siku ile, nilipotafuta 3, nililifuta sanduku sahihi kwenye orodha kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mbofyo wa kwanza.

Ndiyo maana siku hizi siiamini namba ya kwenye skrini. Naiuliza RAM maswali ambayo hayahitaji namba: nini kimepungua, nini kimebaki vile vile. Kwenye dirisha hilo, mahali paliposema `Compare To / By`, chagueni `Previous Value`. Maana yake ni kwamba kila sanduku litalinganishwa na lenyewe, kama lilivyokuwa mlipobonyeza mara ya mwisho. `Data Size` iwe `1 byte`, kwa sababu idadi ndogo kama maisha haihitaji zaidi ya sanduku moja.

Wakati wa kubonyeza nao una siri yake. Anzeni gemu ya mchezaji mmoja. Subirini skrini nyeusi ipite, Mario asimame pale mwanzo wa 1-1, msiguse kitu. Sitisheni emuleta, bonyezeni `Reset` kwenye dirisha la usakaji, na hapo hapo hifadhini hali ya mchezo ili muweze kurudi. Sasa endeleeni, mpelekeni Mario kwa yule adui wa kwanza mwenye umbo la uyoga, afe. Skrini nyeusi inakuja, 2, kisha Mario anasimama tena palepale mwanzo. Sitisheni. Chagueni `Less Than`, kisha `Search`.

Mnaona kwa nini nimesisitiza palepale? Mario akifa mapema hivi, hatua inaanza upya. Amerudi alipokuwa, adui wamerudi walipokuwa, saa imerudi 400. Masanduku mengi yana namba ile ile iliyokuwemo wakati wa `Reset`, na kwa kuwa hayakupungua, unayafuta yote kwa mbofyo mmoja. Ukibonyeza katikati ya mchezo, Mario amekwenda kulia, adui wamekwenda kushoto, saa imeshuka, kila kitu kimesogea, na orodha inabaki ndefu bila sababu.

Yatakayobaki baada ya hapo ni sanduku letu pamoja na wapiga kelele. Wapiga kelele ni masanduku yanayobadilika muda wote: la kuhesabu fremu, yaani picha moja moja zinazochorwa kwenye skrini, yale ya kuzalisha namba za bahati nasibu, na vipima muda vidogo vidogo vya picha. Hayo tunayatoa kwa swali la pili. Tembezeni Mario, aruke, apige tofali, aokote sarafu, afanye lolote ila asife wala asipate uyoga wa kijani unaoongeza maisha. Sitisheni, chagueni `Equal To`, `Search`. Rudieni mara tatu, nne, kila mara baada ya sekunde chache. Kila kilichobadilika wakati maisha hayakubadilika kinatoka.

Mkibakiwa na machache, pakueni ile hali mliyoihifadhi. Maisha yamerudi juu bila mtu kufa, kwa hiyo sasa swali ni `Greater Than`. Napenda hatua hii kwa sababu ni ya bure. Mario ana maisha matatu tu, na ukimuua mara tatu gemu inakwisha na RAM inapangwa upya mkononi mwako. Kupakua hali iliyohifadhiwa kunakupa mabadiliko mengine ya kulinganisha bila kumwaga damu.

Baada ya mizunguko hiyo litabaki sanduku moja, pengine mawili au matatu. Mojawapo ni `075A`, na ndani yake mtaona 2 pale skrini iliposema 3.

Kabla hamjashangilia, lijaribuni. Sanduku linaweza kushuka na kupanda pamoja na maisha na lisiwe lenyewe. Linaweza kuwa nakala tu, iliyowekwa kwa ajili ya kuchora. Katika gemu nyingi jambo hilo linawapoteza watu: unabadilisha nakala, skrini inakudanganya kwa sekunde moja, kisha namba ya kweli inaifuta. Fungueni `Hex Editor`, nendeni `075A`, andikeni `08`, kisha mwacheni Mario afe. Skrini nyeusi ikija na 8, mmelipata. Hesabu yake ni hii: 8 imepungua ikawa 7, na skrini ikaongeza moja. Ingekuwa nakala, mngeona 2 kama kawaida.

Humo humo kwenye `Hex Editor` mtaona ajabu nyingine. Namba ile ile ya `075A` inaonekana pia kwenye `0F5A`, `175A` na `1F5A`, na ukibadilisha moja zote zinabadilika. Sio masanduku manne. RAM ni ile ile ya baiti 2048, ila nyaya za NES zinaifanya ionekane mara nne mfululizo hadi `1FFF`. Tumieni ile anwani ya kwanza, mengine ni vivuli vyake.

Haya, tuandike chiti. Kwenye dirisha la `Cheats`, sehemu ya `Address` wekeni `075A`, sehemu ya `Value` wekeni namba mnayoitaka, `Compare` iacheni tupu, na jina wekeni lolote mnalopenda. Kinachofanyika hapo wengi hukiita kugandisha, lakini hakuna kinachoganda. Gemu inaendelea kupunguza namba kama kawaida. Emuleta inarudi kila fremu, karibu mara 60 kwa sekunde, na kuiandika upya. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu kila kitakachoharibika kuanzia sasa kinatoka hapo.

Namba gani tuweke? Mtu mwenye tamaa, na sote tumekuwa yeye, anaweka `FF`, yaani 255, kubwa kuliko zote. Anaingia kwa mbwembwe, anakanyaga shimo la kwanza, na skrini inamwandikia `GAME OVER`. Kifo kimoja tu, na alikuwa na maisha 255!

Ili kuelewa kilichompata, tuitazame programu yenyewe. Zimeni chiti kwanza. Fungueni `Debugger`, ongezeni kituo cha kusimamia kwenye anwani `075A`, wekeni alama kwenye `Write` peke yake. Sasa emuleta itasimama kila mara gemu inapotaka kuandika ndani ya sanduku hilo. Mkiiwasha gemu upya itasimama mara kadhaa wakati wa maandalizi, iruhusuni ipite. Mpelekeni Mario afe. Inasimama hapa:

```
91D9: CE 5A 07   DEC $075A
91DC: 10 0B      BPL $91E9
```

Mistari miwili tu. `DEC` inapunguza moja. `BPL` inauliza: matokeo si hasi? Kama si hasi, ruka uende `91E9`, mchezo unaendelea. Kama ni hasi, usiruke, shuka chini kwenye maagizo ya kumaliza mchezo. Ndivyo gemu hii inavyojua Mario amekwisha: akiba ikiwa 0 na akafa tena, namba inashuka chini ya sifuri.

Lakini baiti haina alama ya kutoa mbele yake. Prosesa inachokitazama ni biti ya juu kabisa. Ikiwa 1, namba inahesabiwa hasi, na biti hiyo ni 1 kuanzia 128 hadi 255. Kwa hiyo `FF` ya rafiki yetu inapungua inakuwa `FE`, biti ya juu bado ni 1, na prosesa inaiona ni hasi, kwa hiyo mchezo unakwisha. Ni kosa lile lile linalowapata wanaocheza bila chiti yoyote, wale wanaomrukia kobe kwenye ngazi za 3-1 na kujikusanyia maisha kwa makumi. Wakizidisha, kifo kinachofuata kinawamaliza.

Na upande wa pili? Mwingine anasema: mimi sina tamaa, nitagandisha kwenye 0, niwe na maisha moja yasiyokwisha. Naye anakufa mara moja na kumalizika. Tazameni tena mistari ile miwili. `BPL` inafuata `DEC` papo hapo, kati yao hakuna hata nafasi ya kupumua, wakati emuleta inarudi kuandika mara moja tu kwa fremu. Sifuri inashuka kuwa `FF`, swali linaulizwa, hukumu imetolewa. Emuleta inafika baadaye kidogo na kurudisha 0 kwenye sanduku ambalo hakuna anayelitazama tena.

Kwa hiyo namba yoyote kuanzia 1 hadi 127 itafanya kazi. Mimi naweka `08`, na sababu ni ya macho tu. Skrini inaonyesha moja zaidi, yaani 9. Ukiweka 9, jumla inafika 10, na gemu hii haikuandaliwa kuandika kumi pale. Inachora taji kisha tarakimu ya mamoja, na ukipanda zaidi zinakuja takataka za picha badala ya namba. Hazina madhara. Ila mtu akipita nyuma yako anadhani umeharibu kitu.

Nilitaka kuishia kwenye maisha, lakini kuna jambo la saa lazima niwaambie, maana najua mkifika nyumbani ndilo mtakalolijaribu.

Saa ya 1-1 inaanza 400. Mkitafuta 400 hamtaipata, kwanza kwa sababu sanduku moja haliwezi kubeba zaidi ya 255. Mtasema basi tuchague `2 bytes`. Hamtaipata pia. Gemu inaiweka saa kwa tarakimu, kila tarakimu na sanduku lake: mamia `07F8`, makumi `07F9`, mamoja `07FA`. Aliyeandika programu alifanya hivyo kwa sababu prosesa ya mashine hii haina agizo la kugawanya, na ukihifadhi tarakimu moja moja huna haja ya kugawanya kwa kumi kila unapotaka kuzichora. Pointi nazo zimewekwa hivyo hivyo, na ile sifuri ya mwisho mnayoiona kwenye skrini haimo ndani ya RAM kabisa, imechorwa tu. Kwa hiyo saa itafuteni kwa mwendo wake: tarakimu ya mamoja inashuka moja kila baada ya fremu 24, chini kidogo ya nusu sekunde.

Mkizipata, mtagandisha ya mamia kwenye 4. Saa itashuka hadi 400, kisha badala ya 399 itasoma 499, izunguke hivyo daima. Raha tupu, muda haukwishi. Mnafika mwisho, Mario anashuka mlingoti, anaingia kwenye ngome, na gemu inaanza kubadilisha muda uliobaki kuwa pointi. Inapunguza, inaongeza pointi, inapunguza, inaongeza. Na haiachi. Ile sehemu ya programu inasubiri tarakimu zote tatu ziwe sifuri ndipo iende hatua ya 1-2, na nyinyi mmeizuia moja isifike sifuri. Nilipoliona hilo mara ya kwanza niliondoka kwenda kunywa chai, nikarudi, pointi bado zinapanda. Dawa ni kuzima chiti Mario akigusa mlingoti na kuiwasha tena hatua mpya ikianza. Sio dawa nzuri, lakini chiti ya RAM haina akili: haijui kama Mario anakimbia au anahesabiwa pointi, inaandika tu.

Turudi `91D9`, kwa sababu pale kuna njia safi zaidi. Badala ya kukimbizana na sanduku mara 60 kwa sekunde, kwa nini tusimzuie anayelipunguza? Baiti ya kwanza ya agizo ni `CE`, ambayo ni `DEC`. Tuibadilishe iwe `AD`. Hiyo ni `LDA`, agizo la kusoma sanduku bila kulibadilisha, nayo ina urefu ule ule wa baiti tatu, kwa hiyo hakuna kinachosogea. Tena kusoma kunaiandaa ile biti ambayo `BPL` inaitazama. Akiba ni 2, si hasi, ruka, endelea. Mario anakufa na skrini inasema 3, kila siku 3.

`91D9` haimo kwenye RAM. Iko kwenye ROM, ndani ya katriji. Hapo ndipo kilipofanyia kazi kile kifaa cha Game Genie, kilichobuniwa na Codemasters wa Uingereza na kuuzwa Marekani na kampuni ya Galoob. Kilikaa kati ya katriji na mashine, na prosesa ilipoomba baiti fulani ya ROM, kifaa kilijibu kwa baiti yake. Nintendo ilipambana na Galoob mahakamani kukizuia, ikashindwa. RAM ya ndani Game Genie haikuweza kuigusa, ndiyo maana chiti yetu ya `075A` haiwezi kuandikwa kwa herufi zake, lakini hii ya `91D9` inawezekana. FCEUX ina dirisha la kubadilisha anwani kuwa msimbo wa Game Genie. Wekeni anwani `91D9`, thamani `AD`, na itawarudishia:

```
SXIOPO
```

Wenye umri kama wangu mnaicheka. Ndiyo ile ile ya maisha yasiyokwisha, iliyozunguka kwa miaka kwenye vijitabu na kwenye karatasi za kuandikwa kwa mkono. Tumeifikia bila kuiiga kwa mtu, tukianzia kwenye namba 3 iliyotudanganya. Tahadhari moja: imeshikamana na toleo. Katriji ya toleo jingine ikiwa na programu iliyosogezwa hata baiti moja, mtakuwa mmebadilisha agizo lisilohusika, na kwa kawaida gemu inakwama au inachora upuuzi.

Dada pale nyuma ameuliza kwa nini nilisema tuanze na mchezaji mmoja, na kama Luigi, yule wa mchezaji wa pili, naye anafaidika. Swali zuri, nililisahau. Mkicheza wawili, Mario akifa gemu inabadilishana masanduku: taarifa za anayeondoka zinahamishiwa kuanzia `0761`, na za anayeingia zinaletwa `075A`. Kwa hiyo Mario anashuka kutoka 2 hadi 1, lakini mkitazama `075A` dakika hiyo mtakuta 2, ambayo ni ya Luigi. Mkiuliza `Less Than`, mnalifuta sanduku sahihi kama nilivyofanya mimi na ile 3. Kwa upande wa chiti, sanduku ni la yeyote aliyepo uwanjani. Luigi akiingia, `08` inamkuta palepale.